Michirizi Myeusi Ndani ya Muhogo: Tule au Tutupe?

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa wanunuzi wa chakula sokoni)



Leo tumekuja kujibu swali moja ambalo wengi wenu mmekwisha kujiuliza jikoni. Mtu amenunua mihogo mibichi, ameiweka ndani siku mbili tatu, kisha anapoimenya na kuikata anakuta ndani yake michirizi ya rangi ya buluu iliyokolea, au ya kahawia, au myeusi kabisa. Muhogo bado ni mgumu na haunuki. Je, aupike awape watoto, au autupe?

Jibu letu, kwa ufupi, ni hili: michirizi hiyo peke yake si sumu. Sehemu iliyochirizika hukatwa ikatupwa, na sehemu nyeupe iliyobaki huliwa, mradi iwe ngumu, isiwe na harufu wala ukungu, na isiwe chungu. Lakini jibu hili lina masharti, na masharti hayo ndiyo yaliyotuleta hapa, kwa kuwa kuna muhogo mweupe usio na doa ambao ni wa kuogopwa kuliko huu wenye michirizi.

Tazameni mezani. Jumatano jioni tulinunua kwa mchuuzi mmoja fungu la mihogo mitano, yenye uzito wa kilo nne. Mchuuzi alitueleza kuwa ilichimbwa alfajiri ya siku hiyohiyo. Tuliiweka katika kikapu kilicho wazi, mahali penye kivuli, kama inavyowekwa katika nyumba nyingi. Leo ni Jumamosi asubuhi, basi ina siku tatu tangu kuchimbwa. Pembeni tumeweka muhogo wa sita, ambao tuliununua wiki moja kabla na kuufunga katika mfuko wa plastiki. Tutaikata yote mbele yenu, mmoja baada ya mwingine.

Muhogo wa kwanza uling'olewa pamoja na kipande kifupi cha shina, na ganda lake halina mchubuko. Tunaukata katikati: ndani ni mweupe kutoka mwanzo hadi mwisho. Wa pili ulikatwa shingoni, yaani pale ulipoungana na shina. Tunapokata kipande cha kwanza tunaona vidoti vya buluu iliyokolea vimejipanga kama pete, karibu kabisa na ganda. Tunasogea upana wa vidole viwili na kukata tena, vidoti vimekwisha. Wa tatu ulivunjika ncha wakati wa kuchimbwa, na michirizi imeanzia pale ulipovunjika ikapanda hadi karibu nusu ya muhogo. Wa nne una jeraha la jembe ubavuni, na weusi umetoka katika jeraha hilo ukaenda pande zote mbili. Wa tano ulichubuka ganda karibu kote, pengine kwa kuburutwa ndani ya gunia. Huu una pete ya vidoti popote tunapoukata.

Mihogo hii mitano ilichimbwa siku moja, ikakaa katika kikapu kimoja. Kilichoitofautisha ni majeraha. Kila michirizi mliyoiona imeanzia mahali palipokatwa, palipovunjika au palipochubuka. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya kuitambua hali hii.

Sababu yake imo katika maumbile ya mmea wenyewe. Kiazi kitamu kikijeruhiwa huweza kuotesha ngozi mpya juu ya jeraha, kikakaa ghalani wiki nyingi, kwa sababu kiazi hicho ni mbegu na kimeumbwa kuchipua tena. Muhogo haupandwi kwa mzizi. Mkulima hupanda pingili za shina. Mzizi ni ghala la chakula cha mmea ungali ardhini, na ukitengwa na shina lake hauna maandalizi ya kuishi peke yake. Hewa inapoingia katika jeraha, chembe hai za mzizi huanza kupambana kwa kutengeneza kemikali za kujikinga. Mojawapo huitwa skopoletini. Kemikali hiyo inapokutana na hewa na vimeng'enya vya mzizi hugeuka kuwa ya rangi ya buluu iliyokaribia weusi. Kwa kuwa hali hii hupita katika mishipa midogo inayosafirisha maji ndani ya mzizi, weusi huonekana kama michirizi ukipasua muhogo kwa urefu, na kama vidoti ukiukata kwa upana.

Kwa hiyo mnachokiona ni kitu kinachofanana na tunda la tofaa lililomegwa likageuka rangi, au bilinganya iliyokatwa ikaachwa mezani. Ni mabadiliko ya mzizi wenyewe, si kazi ya vijidudu. Huanza kati ya siku ya kwanza na ya tatu tangu kuchimbwa. Hatua ya pili, ambayo ni kuoza, huja baadaye, mara nyingi kati ya siku ya tano na ya saba. Hapo bakteria na kuvu hupata mlango katika majeraha yaleyale. Watu wengi huzichanganya hatua hizi mbili, ilhali hukumu yake ni tofauti.

Ndiyo maana tulileta muhogo wa sita. Ukishikwa tu, kidole kinazama. Tunapoufungua kuna harufu kali ya uchachu, nyama yake imekuwa ya kahawia na ina utelezi, na karibu na shingo kuna ukungu. Huu hautengenezeki. Hatukati sehemu mbovu tukaacha sehemu inayoonekana nzuri, kwa sababu nyuzi za ukungu hupenya mbali kuliko jicho linavyoona, na baadhi ya sumu zinazotengenezwa na kuvu hazivunjwi na maji yanayochemka. Usikaangwe, usikaushwe ukasagwe unga, wala usitupiwe kuku au mbuzi. Ufukiwe au utiwe katika taka.

Labda mtauliza: mbona kuna watu wanaolaza mihogo majini hadi ilainike na kuchachuka, kisha wanaianika na kuila? Hiyo ni kazi nyingine. Anayevundika mihogo huanza na mizizi mibichi iliyo mizima, huimenya, huilaza siku kadhaa, huisafisha na kuianika juani. Muhogo uliojiozea ndani ya mfuko haukupitia utaratibu wowote kati ya huo.

Sasa turudi kwa mihogo yetu mitano, tuiamue kama ambavyo nyumba yenye watu wa kulishwa ingeiamua. Wa kwanza unamenywa na kuingia sufuriani wote. Wa pili tunakata shingo kwa upana wa vidole vitatu, kidole kimoja zaidi ya pale michirizi inapokoma, na kinachobaki kinapikwa. Wa tatu tunaendelea kukata vipande vyembamba kutoka kwenye ncha hadi tufikie kipande kisicho na kidoti hata kimoja. Tumepoteza nusu yake. Wa nne tunaondoa sehemu ya kati na kubaki na ncha mbili safi. Wa tano tungeweza kuumenya kwa kina ili kuondoa ile pete, lakini kinachobaki ni chembamba na hakifai taabu hiyo. Tunautupa. Tumepima tulichotupa, tukiacha maganda: ni zaidi kidogo ya kilo moja na nusu. Chakula kilichobaki kinatosha mlo wa familia, na hapana haja ya kutupa fungu zima kwa hofu.

Mtu anaweza kusema: ikiwa michirizi si sumu, kwa nini tusiipike yote? Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni ya mlo wenyewe. Jana tulichemsha vipande vyeupe na vipande vilivyochirizika katika sufuria mbili, kwa muda uleule. Vyeupe vilipasuka na kulainika vizuri. Vile vingine vilibaki vigumu, vina nyuzi, rangi yake ya kijivu, na ladha inayokaa ulimini vibaya. Hata tui la nazi halikuiondoa. Sababu ya pili ni ya usalama, nayo tunaomba muisikilize kwa makini.

Muhogo kwa asili yake una kitu kiitwacho linamarini. Mzizi unapokatwa, kutwangwa au kutafunwa, kitu hicho hukutana na kimeng'enya cha mzizi na kutoa sianidi, ambayo ni sumu. Mihogo tunayoiita mitamu ina kiasi kidogo. Kanuni za chakula za kimataifa zinauhesabu muhogo kuwa mtamu ukiwa na chini ya miligramu 50 za sianidi kwa kila kilo ya mzizi mbichi. Mihogo michungu ina zaidi ya hapo, wakati mwingine maradufu na kuzidi. Ukame nao huongeza sumu, hata katika aina ambayo shamba lilelile mwaka uliopita ilikuwa salama.

Sianidi haina rangi. Muhogo wenye sumu nyingi unaweza kuwa mweupe, mgumu na wa kupendeza kuliko wote walioko mezani. Kwa hiyo michirizi haituambii kuwa kuna sianidi, na weupe hautuambii kuwa haipo. Mlaji anayepima usalama kwa rangi peke yake anaweza kutupa muhogo wenye michirizi uliokuwa salama, kisha akapika ule mweupe uliokuwa mchungu. Kosa la kwanza humtia hasara ya fedha. La pili linaweza kumtoa roho.

Jambo hili si la kubuni. Mnamo Septemba 2017, katika wilaya ya Kasese nchini Uganda, watu 98 waliugua baada ya kula chakula cha unga wa muhogo, na wawili kati yao walifariki. Wachunguzi walifuatilia unga ule na kukuta umetokana na mihogo yenye sianidi nyingi. Tatizo lilikuwa aina ya mihogo na namna ilivyoandaliwa, wala si michirizi.

Alama ambayo jiko linaweza kuitumia ni uchungu. Si kipimo kamili, lakini ndicho kilicho karibu nasi. Hapa ndipo michirizi inapoleta hatari isiyo ya moja kwa moja: muhogo uliochirizika sana nao huwa na ladha mbaya, na ulimi hauwezi kutofautisha uchungu wa kuchakaa na uchungu wa sumu. Mtu akizoea kusema, «huu ni mchungu kwa kuwa umekaa», siku moja atakula uliokuwa mchungu tangu shambani. Kwa sababu hiyo tunaweka kanuni isiyo na mjadala: muhogo wa kuchemsha ukiwa mchungu, uteme, na sufuria nzima iachwe, hata kama ulinunuliwa leo na ni mweupe kama karatasi.

Wengine hutegemea moto. Kuchemsha husaidia, lakini hakufuti kila kitu. Joto huua kile kimeng'enya kabla hakijamaliza kuivunja linamarini, hivyo sehemu yake hubaki ndani ya vipande. Kwa muhogo mtamu, kuchemsha kwa kawaida kunatosha iwapo tunafanya hivi: tunaondoa ganda la nje pamoja na lile nene la ndani, kwa kuwa ndilo lenye sumu nyingi katika mihogo mitamu, tunakata vipande vidogo, tunatia maji mengi, tunaacha sufuria bila kifuniko ili mvuke utoke, tunapika hadi vilainike kabisa, kisha tunamwaga yale maji. Tui na chumvi vitiwe baada ya hapo. Kwa muhogo mchungu utaratibu huu hautoshi, na kukaanga ndiko hakufai kabisa, kwa sababu hakuna maji ya kubeba sumu na kumwagwa.

Anayekula muhogo kisha, ndani ya saa chache, akapata kizunguzungu, maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kutapika, au pumzi za haraka, apelekwe hospitali mara moja. Asisubiri kunyweshwa kitu nyumbani. Aliyemsindikiza abebe mabaki ya chakula na kueleza wazi kuwa mgonjwa amekula muhogo. Watoto waangaliwe kwanza, maana kiasi kinachomsumbua mtu mzima huweza kumlemea mtoto.

Kuna weusi wa aina nyingine ambao tungependa kuutenga na huu. Katika ukanda wa pwani, na sasa katika maeneo mengi ya bara, upo ugonjwa wa mmea unaoitwa michirizi ya kahawia. Ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 kutoka Amani, nchini Tanzania. Muhogo wenye ugonjwa huo huwa na mabaka ya kahawia au ya manjano iliyofifia, makavu na magumu kama kizibo cha chupa, yaliyotawanyika popote ndani ya nyama yake. Tofauti ni kwamba mabaka haya hukutwa hata katika muhogo uliochimbwa saa hiyohiyo, na hayafuati jeraha. Virusi vyake haviambukizi binadamu. Mabaka hukatwa na kutupwa, na sehemu safi hupikwa. Lakini ukiyakuta, mweleze mchuuzi, ili naye amweleze mkulima asipande tena pingili za shamba hilo.

Sasa, mnunuzi ajikinge vipi kabla ya kufika jikoni? Aulize mihogo ilichimbwa lini, na si ililetwa sokoni lini, kwa sababu siku ya gunia na ya lori nayo ni siku. Achague iliyobakiwa na shingo na isiyochubuka. Aombe mmoja uvunjwe mbele yake karibu na mwisho, maana vidoti huanzia huko. Ajihadhari na muhogo ambao miisho yake imekatwa upya ikawa myeupe sana ilhali ganda limesinyaa. Inawezekana weusi umepunguzwa kwa kisu. Kukata si kosa, bali mnunuzi ana haki ya kuonyeshwa ndani kulikoje kabla ya kulipa.

Akifika nyumbani, apike siku hiyo au kesho yake. Asipoweza, aimenye mara moja, aikate, aitumbukize katika maji safi yanayoifunika yote, na kubadilisha maji kila siku. Maji huzuia hewa isifike, na ikiwa katika jokofu itakaa siku mbili au tatu bila kuchirizika. Penye friza, vipande vilivyomenywa vikagandishwa hukaa miezi, na hutiwa katika maji yanayochemka bila kuyeyushwa kwanza. Pasipo umeme, mihogo mizima isiyo na majeraha huweza kufukiwa katika mchanga au vumbi la mbao lenye unyevu, mahali penye kivuli. Kuifunga katika plastiki bila kuimenya hupunguza michirizi kwa siku chache, lakini unyevu uleule hukaribisha uozo, kama muhogo wetu wa sita unavyoshuhudia.

Ndugu wananchi, tumekata mihogo sita. Mmoja tumeupika wote, mitatu tumeipunguza tukaila, na miwili tumeitupa. Maamuzi hayo yamehitaji kisu, kidole, pua na ulimi: kisu kuonyesha michirizi inaishia wapi, kidole kujua kama ni mgumu, pua kujua kama umechacha, na ulimi, mwisho wa yote, kujua kama ni mchungu. Kimoja kati ya vitatu vya mwisho kikikataa, kisu hakina kazi tena.

Vipande vilivyochemshwa viko pale pembeni, pamoja na chumvi na pilipili. Tunawakaribisha muonje, na tuko tayari kupokea maswali yenu.